Swali la insha ya historia: visa ninavijua, hoja ninazo, lakini miaka imenitoka

Mtahiniwa wa Kujitegemea (mwanzisha uzi)

Habari zenu wanajukwaa. Ninajiandaa kwa mtihani wa historia bila kuwa darasani, na kuna swali moja ambalo hurudi kila mara kwa maneno tofauti kidogo: «Kwa nini baadhi ya jamii za Kiafrika zilipinga uvamizi wa wakoloni kwa silaha, huku nyingine zikishirikiana nao?» Visa vyenyewe ninavifahamu. Ninaweza kumweleza mtu habari za Mkwawa, Lewanika, Samori Toure, Menelik, Buganda na Majimaji bila kufungua daftari. Ninapokaa kuandika, hata hivyo, kila sentensi inadai mwaka, na ninaoukumbuka kwa uhakika ni Mkutano wa Berlin wa 1884–1885, vita vya Adwa vya 1896, na Majimaji ya 1905–1907. Mingine yote ninaibahatisha. Je, inawezekana kuandika insha nzima ya swali hili kwa kutegemea hoja na mifano, bila msahihishaji kuona kwamba kuna pengo? Na kama inawezekana, inapangwaje?

Kadi na Kalamu

Ndugu yangu, miaka haina ugumu ukiipanga vizuri. Andika kila tukio upande mmoja wa kadi na mwaka wake upande wa pili, kisha uzipitie asubuhi na jioni, ukizitenga zile unazokosea ili uzirudie mara nyingi zaidi. Anza na zile za Afrika Mashariki, kisha uende Magharibi na Kusini.

Mtahiniwa wa Kujitegemea

Ninakushukuru, na kadi nitaziandaa. Ninachouliza hapa ni kitu kingine: nimeshaingia chumba cha mtihani, swali liko mbele yangu, na miaka haiji. Ninaandika nini kwa ninachokikumbuka?

Hoja Sita

Usijisumbue na miaka hata kidogo. Swali linasema «kwa nini», halisemi «lini». Toa sababu sita, kila sababu iwe na aya yake na mfano wake mmoja, kisha weka utangulizi na hitimisho. Silaha duni, ukosefu wa umoja, dini, uadui wa majirani, tamaa ya watawala, majanga ya asili. Ukifikisha sita umemaliza, na hakuna msahihishaji atakayetafuta mwaka.

Mwalimu Mstaafu

Ndugu Hoja Sita amegusa jambo la kweli aliposema kwamba swali linauliza sababu. Pale anaposema tuachane na miaka kabisa ndipo ninapotaka tusimame, kwa sababu nimesahihisha insha za namna hii kwa muda mrefu na nimeona zinakovunjikia.

Tujiulize kwanza mwaka unafanya kazi gani ndani ya insha ya sababu. Unathibitisha kwamba kinachoitwa chanzo kilitangulia kinachoitwa tokeo. Ukiandika kwamba watu wa vilima vya Umatumbi waliinuka dhidi ya Wajerumani kwa sababu ya kulazimishwa kulima pamba, msahihishaji anataka aone kwamba pamba ilitangulia vita. Mwezi na tarehe havimsaidii sana. Kwa hiyo kinachopaswa kulindwa ni mfuatano wa mambo, na mfuatano unaweza kuulinda kwa visa vyenyewe, kwa sababu mara nyingi kisa kimoja kina alama inayoonyesha kwamba kingine kilikwisha kutokea.

Nitatoa mfano. Hukumbuki Mkwawa alipigana na Wajerumani mwaka gani. Lakini unajua kwamba Wahehe hawakujiunga na Majimaji, na unajua kwamba sababu mojawapo ni kuwa walikuwa wamekwisha kushindwa, ngome yao ya Kalenga ilikuwa imebomolewa, na Mkwawa mwenyewe alikuwa amekufa. Basi vita vya Wahehe vilitangulia Majimaji, na hilo unaweza kuliandika kwa uhakika wote bila tarakimu yoyote. Vivyo hivyo kwa Buganda. Mkataba wa Buganda ulisainiwa na mawakala wa mfalme kwa sababu Kabaka Daudi Chwa alikuwa bado mtoto. Kama aliyekuwa kwenye kiti ni mtoto, basi Mwanga alikuwa amekwisha kuondolewa. Ukiandika hivyo umeonyesha mfuatano na umeonyesha pia kwamba unakifahamu kisa kwa undani, jambo ambalo mwaka peke yake hauonyeshi.

Jambo la pili ni mpangilio. Watahiniwa wengi huligawa swali hili katika mafungu mawili, waliopinga na walioshirikiana, kisha husimulia kila fungu. Mpango huo ndio unaomdhuru zaidi asiyekumbuka miaka, kwa sababu masimulizi hutembea juu ya miaka. Chagua badala yake hoja ambayo inaeleza pande zote mbili kwa pamoja. Mimi ningechukua hoja mbili nzito na moja nyepesi.

Ya kwanza ni hii: kila mtawala alijiuliza ni nani anayemtishia kwa karibu zaidi. Lewanika wa Walozi aliwahi kupinduliwa na watu wake kabla ya kurudi madarakani, na Wandebele walikuwa tishio la kudumu kwake. Kwake mkataba na Waingereza ulionekana kama ngao. Mkwawa alikuwa na dola inayopanuka, yenye nguvu juu ya njia za misafara iliyopita nchini mwake, na Wajerumani walikuja kukishika kitu kile kile alichokuwa anakishika yeye. Hapo unao watawala wawili waliopiga hesabu ya aina moja na kupata majibu yanayopingana. Hiyo ndiyo aya inayojibu «kwa nini baadhi, na kwa nini wengine».

Ya pili ni kile ambacho mkoloni alikuja kuchukua wakati huo. Mwanzoni alitaka mikataba, njia za biashara na utii wa mfalme, kwa hiyo uamuzi ulikuwa wa ikulu. Baadaye alitaka kodi, kazi ya shuruti na mashamba ya pamba, na hapo aliingia katika kila nyumba. Ndiyo maana Majimaji ilianzia kwa watu wasiokuwa na mfalme mmoja, wakaunganishwa na imani ya maji yaliyotolewa kwa mafundisho ya Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe. Angalia kwamba hoja hii yenyewe ina mfuatano ndani yake, mwanzoni na baadaye, na miaka yako mitatu inatosha kuishikilia.

Ya tatu ni uwezo wa kuendelea kupigana. Menelik alikuwa amenunua bunduki nyingi za kisasa kutoka Ulaya kabla ya kuwakabili Waitalia Adwa, na Samori alikuwa na mafundi waliotengeneza na kukarabati bunduki. Aya moja inatosha, kwa sababu uwezo unaeleza zaidi upinzani ulidumu kwa muda gani kuliko kwa nini ulianza.

Hoja Sita

Mwalimu, ninakubaliana na maelezo, ila hoja tatu ni chache. Pale ambapo alama hutolewa kwa kila hoja, mwenye tatu anakuwa amejikata mwenyewe.

Mwalimu Mstaafu

Kama maelekezo ya mtihani wenu yanataja idadi, fuata idadi hiyo, wala mimi siwezi kushindana na maelekezo. Unaweza kuzipasua hizo tatu: adui wa nje na mpinzani wa ndani ni hoja mbili, kodi na kilimo cha kulazimishwa ni mbili nyingine. Ninachokataa ni aya yenye sentensi mbili, ambamo «ukosefu wa umoja» umeandikwa na kisha jina la kabila likawekwa mbele yake. Katika aya kama hiyo kukosekana kwa mwaka kunaonekana mara moja, kwa sababu hakuna kitu kingine cha kutazama.

Mtahiniwa wa Kujitegemea

Nimejaribu kuandika aya ya hoja ya kwanza. Ninaomba mnikosoe bila kunionea haya.

«Jamii nyingine zilishirikiana na wakoloni kwa sababu zilikuwa na maadui wa jirani. Kwa mfano, mnamo karne ya 18 Lewanika wa Walozi alishirikiana na Waingereza kwa sababu ya kuwaogopa Wandebele. Pia Buganda ilishirikiana na Waingereza kwa sababu ya uadui wake na Bunyoro. Hii inaonyesha kuwa uadui wa majirani ulisababisha ushirikiano.»

Mwalimu Mstaafu

Ninaanza na lililo la haraka. Miaka ya 1800 ni karne ya 19. Kosa hili ni la kawaida sana kwa anayekwepa mwaka kwa kutaja karne, na lina gharama kubwa kuliko kuacha, kwani umempeleka Lewanika miaka 100 nyuma, kabla Wandebele hawajafika katika nchi unayosema walimtishia kutoka humo. Ukiwa na shaka, mpime kwa nguzo zako, yaani ile miaka mitatu unayoikumbuka: «katika miaka iliyofuata Mkutano wa Berlin» ni sahihi na haina hatari.

La pili ni zito zaidi. Chukua sentensi yako ya Lewanika, toa jina lake, weka jina la mtawala mwingine yeyote aliyesaini mkataba, na ubadilishe jina la adui. Sentensi inaendelea kusomeka vizuri. Hiyo ni ishara kwamba mfano umetajwa tu, haujafanya kazi. Mfano unafanya kazi pale ambapo una jambo moja au mawili ambayo ni ya kisa hicho peke yake, na mambo hayo ndiyo yanayoibeba hoja. Jaribu kusoma aya hii:

«Mtawala aliyemwogopa jirani au mpinzani wa ndani kuliko alivyomwogopa Mzungu alikuwa na sababu ya kutafuta mkataba. Lewanika wa Walozi alikuwa amewahi kupinduliwa na watu wake kabla ya kurejea madarakani, na wakati huo huo Wandebele walikuwa wakimtishia kutoka kusini. Alimwona Khama, mtawala wa Wangwato, ambaye tayari alikuwa chini ya ulinzi wa Waingereza, akiendelea kukaa katika kiti chake, naye akautaka ulinzi wa namna hiyo. Mkataba alioupata ulikuwa na kampuni ya Cecil Rhodes, na alipoelewa kwamba ametoa haki za madini ya nchi yake alilalamika kwa serikali ya Uingereza. Ushirikiano wake ulikuwa hesabu ya usalama, na malalamiko yake yanaonyesha kwamba hakuwa amekubali kutawaliwa.»

Hakuna mwaka hata mmoja humo, lakini kuna maneno yanayofanya kazi ya mwaka: «alikuwa amewahi», «kabla ya kurejea», «tayari», «alipoelewa». Msomaji anajua nini kilitangulia nini. Sentensi ya mwisho nayo inarudi kwenye swali, badala ya kurudia sentensi ya kwanza kama ulivyofanya wewe.

Mjukuu wa Msimulizi

Samahani kwa kuingilia. Ninasoma historia ya Uganda kwa karibu, na ninaomba tusiandike kirahisi kwamba «Buganda ilishirikiana». Mwanga mwenyewe aliwapiga vita Waingereza mwaka 1897, akashindwa, akaendelea kupambana, na mwishowe alikamatwa mwaka 1899 pamoja na Kabalega wa Bunyoro, wakapelekwa uhamishoni Shelisheli. Walioshirikiana ni machifu, hasa kundi la Waprotestanti lililoongozwa na Apolo Kagwa, ambao walikwisha kupata vyeo katika vita vya kidini vya ndani na ambao Mkataba wa 1900 uliwapa ardhi kubwa. Mfalme akapinga, machifu wakashirikiana, ndani ya nchi moja. Na jambo la kutafakari zaidi ni kwamba Mwanga na Kabalega walikuwa wafalme wa nchi zilizokuwa na uhasama wa muda mrefu, kisha wakaishia mikononi mwa Waingereza pamoja.

Mwalimu Mstaafu

Ninashukuru sana kwa nyongeza hii, kwa maana inampa mwanzisha uzi kitu ambacho miaka yote ya daftarini isingempa. Swali limeweka jamii katika makundi mawili. Mtahiniwa anayeonyesha kwamba kisa kimoja kinakaa pande zote mbili amelijibu swali na amelihoji kwa wakati mmoja. Kwa Buganda aandike hivyo: uamuzi ulifuata maslahi ya kila kundi ndani ya jamii. Kisha Wahehe wanaweza kuingia tena hapo, kwani walipigana wakati wa Mkwawa na hawakupigana wakati wa Majimaji. Walikuwa wameuonja moto wa Wajerumani, na wengine wao walisimama upande wa Wajerumani.

Subira Yavuta Heri

Mimi nina tatizo linalofanana na hili lakini swali langu lilikuja na mipaka: «Fafanua mwitikio wa Waafrika dhidi ya uvamizi wa kikoloni kati ya 1890 na 1900.» Hapo mbinu ya kuacha miaka si inakuangusha? Nitajuaje kisa gani kimo ndani na kipi kiko nje?

Mwalimu Mstaafu

Inakubana, ndiyo, na hapo ndipo penye mpaka wa njia hii. Swali lenye mipaka haliulizi mfuatano tu, linauliza pia nafasi. Kisa kilicho nje hakipati kitu hata kikiandikwa kwa ufasaha mkubwa. Majimaji ndiyo inayowaponza wengi katika swali lako, kwa kuwa ndiyo wanayoijua zaidi.

Hata hivyo swali limekupa miaka miwili bure, tena pamoja na zile nguzo tatu za mwanzisha uzi. Adwa ya 1896 imo katikati. Majimaji ya 1905 imetoka. Kisha pima visa vingine kwa hivyo. Mkwawa alipigana na Wajerumani walipokuwa wanaingia bara, baada ya Berlin na muda mrefu kabla ya Majimaji, kwa hiyo anaangukia humo: ushindi wake wa Lugalo ulikuwa 1891 na kifo chake 1898. Kisa kinachokaa juu ya mpaka ni Samori, ambaye alianza kugongana na Wafaransa mapema katika miaka ya 1880 na kukamatwa 1898. Kwa mtu wa namna hiyo andika sehemu ambayo una hakika iko ndani, yaani ile ya mwisho, alipokuwa akihamisha dola yake kuelekea mashariki na kuacha nyuma nchi iliyochomwa ili adui asipate chakula. Usianze na kuinuka kwake.

Subira Yavuta Heri

Kwa hiyo nisipokuwa na hakika kisa kiko ndani?

Mwalimu Mstaafu

Kiache, uongeze maelezo katika kile chenye hakika. Visa vitatu vilivyo ndani vinamzidi mwenye visa sita ambavyo viwili viko nje.

Msahihishaji Mwenza

Ninakubaliana na mengi, ila ninatofautiana na Mwalimu kuhusu kukadiria. Mimi ningemshauri mtahiniwa aandike «katika miaka ya 1890» hata pale ambapo hana hakika kamili, kwa sababu msahihishaji anapopitia kurasa tatu zisizo na tarakimu anaanza kuwa na mashaka na yale mengine. Visa vya uvamizi kwa sehemu kubwa viko katika muongo huo. Uwezekano wa kupatia ni mkubwa kuliko wa kukosea.

Mwalimu Mstaafu

Hofu yangu ni pale kadirio linapoivunja hoja yenyewe. Mtu akikadiria kwamba Majimaji ilikuwa «katika miaka ya 1890» na aya yake ikasema chanzo ni mashamba ya pamba ya vijiji, amejipinga, kwa sababu mashamba hayo yalianzishwa 1902. Mwaka unaokosekana ni pengo moja, lakini mwaka usio sahihi unaangusha na sababu iliyo karibu nao. Kwa kisa ambacho hakina chanzo kilichofungwa na wakati, kama Lewanika, sina ugomvi na kadirio lako.

Msahihishaji Mwenza

Hapo umenirudisha nyuma nusu. Kwa Majimaji ninakubali. Kwa vingine bado ningeandika muongo, na nimewaona wasahihishaji wengine wakitofautiana juu ya jambo hili hili.

Kadi na Kalamu

Sasa nimelielewa swali vizuri zaidi. Basi ninapendekeza kadi za aina nyingine: upande mmoja kisa, upande wa pili kisa kingine ambacho lazima kilitangulia, pamoja na sababu inayothibitisha hivyo. Wahehe na Majimaji, Mwanga na Mkataba wa Buganda, Khama na Lewanika.

Mtahiniwa wa Kujitegemea

Hilo nitalifanya leo. Nimeiandika upya aya ya pili, na ninaomba macho yenu kwa mara ya mwisho.

«Mwitikio ulitegemea pia kile ambacho mkoloni alikuja kuchukua. Wajerumani walipoingia katika nchi ya Wahehe walikuja kuvunja mamlaka ya Mkwawa, na vita viliongozwa na mtawala mwenye jeshi lake. Miaka kadhaa baadaye, utawala ukiwa umekwisha kusimama, waliwalazimisha wanavijiji wa kusini kulima pamba katika mashamba ya pamoja kwa ujira mdogo mno, na kazi hiyo iliwaondoa katika mashamba yao ya chakula. Wamatumbi hawakuwa na mfalme wa kuwaamulia, lakini kila nyumba ilikuwa imeguswa, ndiyo maana walianza kwa kung'oa mipamba. Majimaji ya 1905–1907 haikuwa mwendelezo wa vita vya Mkwawa. Ilikuwa jibu kwa ukoloni wa aina nyingine, na Wahehe, ambao walikuwa wamekwisha kushindwa katika vita vya kwanza, hawakushiriki.»

Mwalimu Mstaafu

Hii inasimama. «Miaka kadhaa baadaye» ni sahihi, na mwaka pekee ulioutaja ni ule unaoujua, tena umeuweka mahali unapofanya kazi. Kung'oa mipamba ni jambo la kisa hiki peke yake na linaonyesha chanzo bila wewe kulisema mara mbili. Rekebisha kitu kimoja: umesema «Wamatumbi hawakuwa na mfalme», lakini hukueleza basi waliunganaje na Wangindo, Wapogoro na Wangoni. Ongeza sentensi moja ya maji ya Kinjekitile kabla ya sentensi yako ya mwisho. Na kwa Wangoni uwe mwangalifu, kwa kuwa wao walikuwa na watawala wao, hivyo hawaingii katika maelezo ya jamii zisizo na mfalme.

Mtahiniwa wa Kujitegemea

Wangoni basi nawaweka wapi, ikiwa walikuwa na watawala na bado waliingia katika Majimaji?

Mjukuu wa Msimulizi

Waweke mwisho wa aya hiyo hiyo kama kisa kinachoibana hoja yako. Andika kwamba kwao mambo mawili yalikutana: watawala waliokuwa wamenyang'anywa mamlaka, na watu wa kawaida waliokuwa wamebebeshwa kodi na kazi. Usijaribu kukificha kisa hicho ili hoja ionekane safi.